Kazi za retro: msifunge tiketi mpaka tatizo lenyewe limeacha kutokea

*Shikamoo mkuu. Tuko timu ya watu sita hapa Mwanza, tuna aplikesheni ya makarani kurekodi mizigo ya dagaa mialoni, kuanzia Kirumba mpaka Ukerewe na Ukara. Retro tunafanya kila baada ya wiki mbili, tunaandika cha kurekebisha, tunaingiza GitHub kwa lebo ya retro, afu kimya. Hii ya mzigo kujirudia baada ya simu kupata mtandao tumeshaiandika mara tatu, mara mbili tiketi ilifungwa kabisa na bado inatokea. Tufanyeje hizi kazi ziishe kweli?*

Marahaba mdogo wangu. Kilichonishtua kwenye maelezo yako ni hizo tiketi mbili zilizofungwa. Tiketi iliyosahaulika chini ya ubao angalau bado iko wazi, siku mtu akishuka mpaka chini ataikuta. Lakini iliyofungwa huku tatizo linaendelea inawadanganya wote, maana timu inaamini ishu imeisha, karani wa Ukara akipiga simu kwamba mzigo wake umeonekana mara mbili mnamwambia labda kabonyeza mara mbili, na mwenye mtumbwi analipwa mara mbili au anaambiwa arudishe hela ambayo hajui ilitoka wapi. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye kufunga, ila lazima nianze na kuandika, kwa sababu tiketi iliyoandikwa hovyo hakuna namna ya kuifunga vizuri.

Nenda sasa hivi kafungue ile tiketi yenu ya kwanza usome kichwa chake. Naweza kukisia kimeandikwa kitu kama "tuboreshe sinki" au "tuwe makini na mizigo inayojirudia". Sentensi ya namna hiyo ilikuwa inaeleweka kabisa mle chumbani siku ya retro kwa sababu wote mlikuwa na hasira moja na mlikuwa mnakumbuka kisa kilichotokea wiki ile, lakini ikikaa kwenye ubao siku kumi hakuna anayejua aanzie wapi, na mbaya zaidi hakuna anayejua ikifika wapi imeisha. Anayeichukua anafanya kitu chochote kidogo kinachofanana na kuboresha, anaifunga, anaendelea na maisha. Hajadanganya mtu, ametimiza kilichoandikwa.

Kipimo ninachotumia mimi ni kimoja tu: mpe tiketi mtu ambaye hakuwepo kwenye retro, aisome, aseme mwenyewe anatakiwa aangalie nini ili ajue imeisha au bado. Akishindwa, haijaandikwa vizuri. Ya kwenu ningeiandika hivi:

```
Kichwa: Mzigo mmoja usiingie mara mbili mtandao ukikatika

Kilichotokea: simu inatuma mzigo, jibu la seva linachelewa,
simu inatuma tena, seva inaandika mizigo miwili.

Hatua ya kwanza: simu ipe kila mzigo namba ya kipekee
wakati wa kupima, seva ikatae namba iliyokwisha kuingia.

Mwenye kazi: @mtu_mmoja
Imeisha pale: ripoti ya mizigo pacha ni tupu kwa siku 30
mfululizo, na mizigo ya Ukara na Ukerewe imo kwenye hesabu.
Tarehe ya kuangalia: (siku 30 baada ya simu zote kupata toleo jipya)
```

Angalia mstari wa "mwenye kazi", ni mtu mmoja. Haimaanishi atafanya peke yake, anaweza asiguse hata mstari mmoja wa programu, lakini yeye ndo anaulizwa. Mkiandika "timu" au mkiandika wawili, kila mmoja anadhani mwenzake anafuatilia, nimeliona hili kwenye timu nyingi na sijaona timu ambayo iliwafaa. Na mwenye kazi achaguliwe mlemle ndani ya retro akiwa amekubali kwa mdomo wake, msimpangie aliyekuwa likizo.

Mstari wa "imeisha pale" ndo wenye uzito kuliko yote, nitaurudia hapo mbele, lakini kwanza tuongee inakaa wapi. Timu nyingi zinaweka kazi za retro kwenye ukurasa wake wa pembeni, au kwenye ubao mwingine, au zinabaki kwenye picha ya karatasi za rangi ukutani. Zikikaa huko zimekufa, kwa sababu hakuna anayefungua huo ukurasa asubuhi akitafuta kazi ya kufanya. Nyinyi mmezileta GitHub, vizuri, ila lebo pekee haitoshi. Tiketi lazima iwe ndani ya sprinti inayofuata, juu kabisa, ikiwa imekatiwa muda kama kazi nyingine yoyote ya mteja. Mwongozo wa Skramu wa mwaka 2017 uliandika wazi kwamba kila sprinti ibebe angalau boresho moja la kipaumbele kutoka kwenye retro iliyopita. Toleo la mwaka 2020 likalegeza, likasema maboresho yenye matokeo makubwa yafanyiwe kazi mapema iwezekanavyo na yanaweza hata kuongezwa kwenye sprinti inayofuata. Kwa timu kama yenu ambayo kazi hazifiki mwisho, ningefuata ule msimamo wa 2017 bila kulegeza.

Na iwe moja, mkizidi sana mbili. Najua retro ikiwa nzuri mnatoka na mambo saba na yote yanaonekana ya maana, lakini watu sita ndani ya wiki mbili wakiwa na kazi za mteja pia, saba hazitaisha, zitabaki nusunusu, na retro ijayo mtaanza na orodha ya vitu saba vya kujitetea kabla hamjaongea chochote kipya. Zile nyingine tano ziandikeni kwenye kumbukumbu za kikao kwa mstari mmojammoja, bila kuzifungulia tiketi. Kama jambo ni zito kweli litarudi lenyewe retro ijayo na litapigania nafasi yake, kama halikurudi basi halikuwa linawaumiza kiasi hicho.

Sasa kufuatilia. Hapa hakuna siri kubwa, ni utaratibu wa dakika kumi za kwanza za kila retro, kabla hamjagawana karatasi na kabla mtu hajaanza kueleza wiki zilivyokwenda. Anayeongoza kikao anafungua hii kwenye skrini kubwa:

```
gh issue list --label retro --state open --limit 200 --search "sort:created-asc"
```

Inatoa tiketi zote za retro zilizo wazi, ya zamani zaidi ikiwa juu. Mnaanza na ya juu. Mwenye kazi anajibu kwa moja ya majibu matatu: imeisha na ushahidi ni huu hapa, au inaendelea na hatua inayofuata ni fulani na tarehe fulani, au tunaiacha na sababu ni hii. Jibu lolote nje ya hayo, kama "bado naiangalia" au "nilibanwa", litafsirini papo hapo kuwa moja ya hayo matatu na liandikwe kama koment kwenye tiketi kabla hamjaenda kwenye inayofuata. Msiruhusu mjadala wa namna ya kutatua hapo, huo utatawala kikao chote, mwenye kazi atapanga na anayehusika baadaye.

Hilo jibu la tatu, la kuiacha, watu wanalionea aibu kwa sababu linaonekana kama kushindwa. Mimi nalipenda. Tiketi iliyofungwa kwa kuandikwa "tumeacha kwa sababu soko la Kirumba sasa lina mtandao mzuri na tatizo halijaonekana tena huko" ni taarifa ya kweli, mtu akija baada ya mwaka atajua mlifikiria nini. Tiketi inayobebwa retro tano ikiwa hai kwa jina tu inawafundisha watu kwamba lebo ya retro inaweza kupuuzwa, na wakishajifunza hivyo hata ile ya maana wataipuuza.

Kwa hiyo wekeni sheria moja: tiketi isibebwe zaidi ya mara mbili bila kubadilishwa. Ikifika retro ya pili haijasogea hata kidogo, hamruhusiwi kuipitisha kama ilivyo, ama mnaikata ibaki kipande kinachoweza kuisha ndani ya wiki, ama mnabadilisha mwenye kazi, ama mnaiacha. Mara nyingi mtakuta ilikwama kwa sababu hatua ya kwanza ilikuwa kubwa mno. "Tuweke majaribio ya sinki" inaweza kukaa hata miezi, wakati "chukua simu moja, zima data, rekodi mizigo ishirini, washa data, hesabu imefika mingapi kwenye seva" ni kazi ya asubuhi moja na inaweza kufanywa na yeyote kati yenu.

Tuje kwenye kufunga sasa, kwa sababu nadhani najua tiketi zenu mbili zilifungwaje. Mtu alitengeneza rekebisho, akafungua PR, kwenye maelezo akaandika `Closes #41` au `Fixes #41`, mwenzake akaipitia, ikaunganishwa kwenye tawi kuu, na GitHub ikaifunga tiketi yenyewe sekunde ileile. Ndivyo inavyofanya kazi, ukitumia hayo maneno na PR inaingia kwenye tawi kuu la hazina, tiketi inafungwa bila mtu kuulizwa. Hata ukiiunganisha tiketi na PR kwa upande wa kulia pale kwenye sehemu ya `Development`, matokeo ni yaleyale. Kwa bagi ya kawaida haina shida sana. Kwa kazi ya retro ni hatari, maana kinachofungwa ni "msimbo umeandikwa", wakati mlichoahidiana kwenye retro ni kwamba mizigo haitajirudia mwaloni, na kati ya hayo mawili kuna safari ndefu.

Rekebisho lake ni dogo. Kwenye PR yoyote inayohusu tiketi ya retro, andikeni `Refs #41` badala ya `Closes #41`. Tiketi itaonyesha kwamba PR imeitaja, mtu anaweza kufuata, lakini haitafungwa. Kwenye mipangilio ya hazina kuna pia sehemu ya kuzima huku kujifunga kwa hazina nzima, ila kwa timu yenu nadhani inatosha kukubaliana kwamba anayepitia PR akiona `Closes` pamoja na tiketi ya lebo ya retro anairudisha. Afu kwenye ubao wenu ongezeni safu moja kati ya ile ya kazi inayoendelea na ile ya mwisho, iiteni "Inaangaliwa". Msimbo ukishapanda, kadi inaingia hapo na inakaa mpaka tarehe ya kuangalia ifike. Tarehe yenyewe iwekeni kwenye sehemu ya tarehe ya Projects ili muweze kupanga kadi kwa tarehe, ikikaa ndani ya maelezo tu hakuna atakayeikumbuka.

Sasa niichukue hiyo kazi yenu niitembeze mpaka mwisho, uone kwa nini nang'ang'ania hiyo safu.

Mtu wa simu anaongeza namba ya kipekee, ile ya UUID, inazaliwa pale karani anapobonyeza kuhifadhi uzito, kabla simu haijajaribu kutuma chochote. Hii ni muhimu, ikizaliwa wakati wa kutuma basi kila jaribio la kutuma litakuwa na namba yake na hamjatatua kitu. Mtu wa seva anaongeza safu ya `namba_ya_mzigo` kwenye jedwali la mizigo, anaiwekea `UNIQUE`, na kwenye kuingiza anatumia `ON CONFLICT DO NOTHING`, yaani namba ikija mara ya pili seva inajibu sawa nimepokea lakini haiandiki mara mbili. Mnajaribu ofisini kwa ile simu moja na mizigo ishirini, ishirini inaingia, hakuna pacha. PR inaunganishwa, seva inapanda, aplikesheni mpya inawekwa Play Store. Kwa utaratibu wenu wa zamani hapa ndo tiketi ingefungwa na mngepongezana.

Lakini karani wa Ukara bado ana toleo la zamani. Simu yake ina bando la kubania, hajawasha kuapdeti kwa kujiendesha, anapata mtandao akipanda kilimani au akivuka kwenda Nansio, na hata akiupata hautumii kushusha aplikesheni, anautumia kutuma mizigo. Toleo lake la zamani halitumi namba ya kipekee. Seva inapokea mzigo wenye `namba_ya_mzigo` tupu, yaani `NULL`, na kwenye PostgreSQL kizuizi cha `UNIQUE` kwa kawaida hakizihesabu `NULL` mbili kuwa zinafanana, kwa hiyo mzigo wake unaingia mara mbili, mara tatu, kama zamani, bila hitilafu yoyote kuonekana popote. (Toleo la 15 lilileta `NULLS NOT DISTINCT`, msije mkalikimbilia hilo kama suluhisho, maana hapo mzigo wa kwanza usio na namba utaingia na mingine yote isiyo na namba itachukuliwa kuwa pacha wake, yaani mtapoteza mizigo halali ya makarani wote wenye simu za zamani, na simu zitaambiwa imepokelewa.)

Ona sasa. Rekebisho ni sahihi, majaribio yamepita, tiketi ingekuwa imefungwa, na tatizo liko palepale kwa wale watu waliowafanya mlalamike mwanzo. Ndo maana "imeisha pale" niliandika ripoti ya mizigo pacha na sikuandika "namba ya kipekee imewekwa". Na ripoti yenyewe isitegemee hiyo namba mpya, kwa sababu wasio nayo ndo mnaowatafuta. Tumieni vitu ambavyo mzigo wa zamani na mpya wote wanavyo:

```sql
SELECT kifaa, muda_wa_kupima, uzito, COUNT(*)
FROM mizigo
WHERE imepokelewa >= now() - interval '30 days'
GROUP BY kifaa, muda_wa_kupima, uzito
HAVING COUNT(*) > 1;
```

Simu moja, saa ileile mpaka sekunde, uzito uleule, hiyo ni pacha. Mwenye kazi aiendeshe mara moja kabla ya kupandisha rekebisho lolote na abandike matokeo kwenye tiketi, hapo mna picha ya mwanzo. Bila picha ya mwanzo, siku mkiona pacha nne hamtajua kama mmetoka kwenye arobaini au kwenye tano. Afu aiendeshe kila retro na kubandika tena chini yake. Koment hizo zikipangana zinasimulia kazi nzima bila mtu kueleza, na mwenye kazi akihama au akiugua anayeshika anaendelea kutoka pale.

Kwa nini siku 30 wakati sprinti yenu ni ya wiki mbili? Hili nyinyi mnalijua kuliko mimi. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi inapaki na mwalo unatulia. Mwezi mmoja wa angani ni siku 29 na nusu hivi. Mkichagua wiki mbili za kuangalia na zikaangukia kwenye mbalamwezi, ripoti itakuwa tupu kwa sababu hakuna mizigo ya kujirudia, na mtafunga tiketi kwa furaha, giza likirudi na makarani wote wakaanza kutuma asubuhi moja kwa mtandao uleule mdogo, seva inachelewa kujibu na pacha zinarudi. Siku 30 zinabeba giza zima na mbalamwezi nzima. Kila sehemu ina mzunguko wake, cha msingi ni muda wa kuangalia upite kwenye ule wakati ambapo tatizo lina nafasi ya kutokea.

Kwa sababu hiyohiyo ripoti tupu peke yake haitoshi, lazima iende na hesabu ya mizigo yote iliyopokelewa kipindi hicho, na hasa iliyotoka visiwani. Ripoti tupu huku Ukara imetuma mizigo mingi kama kawaida ni ushahidi. Ripoti tupu huku Ukara haijatuma kitu ni simu iliyokufa au karani aliyerudi kwenye daftari, na hiyo mnatakiwa mwende mkaiulize. Kama aplikesheni yenu inatuma namba ya toleo lake, ongezeni na hesabu ya mizigo kwa kila toleo, mtaona toleo la zamani linavyopungua wiki kwa wiki, na saa ya siku 30 ianze kuhesabiwa pale toleo la zamani lilipoacha kutuma. Kama haitumi, hiyo iingie kwenye toleo hilihili jipya, ni mstari mmoja na utawasaidia kwenye kila kitu baadaye.

Utaona kwamba kuna kazi imezaliwa njiani hapa: kufikisha toleo jipya kwenye simu za visiwani. Msiifungulie tiketi ya retro inayojitegemea afu mkafunga ile ya kwanza, hilo ni kosa linalofanyika sana, kazi ya mama inafungwa kwa maelezo kwamba iliyobaki iko kwenye tiketi nyingine, na hiyo nyingine haina uchungu wowote ndani yake, imeandikwa "kuapdeti simu za Ukara", inakaa mpaka inaoza. Iwekeni kama kazi ndogo ndani ya tiketi ileile, na ya mama ibaki wazi. Pengine suluhisho lake ni mtu mmoja kupanda boti na faili la kuinstoli kwenye simu yake akaziwekea kwa mkono, pengine ni seva kukataa toleo la zamani kwa ujumbe wa Kiswahili unaoeleweka. Hilo la kukataa mlifikirie vizuri kabla, karani ambaye hana bando la kushusha aplikesheni siku ya giza atasimamisha kazi ya mwalo mzima.

Kama kufika huko kunahitaji hela ya nauli na bosi hajatoa, mwenye kazi bado ana sehemu yake ya kufanya, ambayo ni kupeleka ombi likiwa na kiasi na tarehe ya kujibiwa, na kuandika kwenye tiketi kwamba ombi lilienda siku fulani. Tarehe ikipita bila jibu, retro ijayo mwalikeni mwenye hela kwa zile dakika kumi tu aione tiketi na ripoti ya pacha kwa macho yake. Kusema "iko nje ya uwezo wetu" na kuiacha wazi miezi haimsaidii yeyote.

Kitu kingine kidogo, angalieni kama hazina yenu ina ile roboti ya `actions/stale`. Kwa mipangilio yake ya kawaida tiketi isiyoguswa siku 60 inawekewa alama ya kuchakaa na siku 7 baadaye inafungwa. Inasafisha ubao, ila kazi ya retro iliyosahaulika ndo hiyohiyo isiyoguswa, kwa hiyo roboti inawafichia kilekile mnachotakiwa kukiona. Wekeni hii kwenye mipangilio yake:

```yaml
exempt-issue-labels: retro
```

Kuhusu kujua kama mnaendelea vizuri kwa ujumla, msihesabu tiketi za retro mlizofunga. Namba hiyo inapanda kirahisi kwa kufungua vitu vidogovidogo na kuvifunga siku ileile. Angalieni umri wa tiketi ya zamani zaidi iliyo wazi, ile ya juu kwenye orodha, na mwulizane inasubiri nini. Kama iko kwenye "Inaangaliwa" na tarehe yake haijafika, hakuna neno, hata ikipita retro mbili, na ile sheria ya kutobeba zaidi ya mara mbili haiihusu. Kama iko kwenye kuendelea na koment yake ya mwisho ni ya mwezi uliopita, hapo pana shida hata kama mwezi huo mmefunga nyingine kumi. Na mara mojamoja, tuseme kila baada ya miezi mitatu, chukueni tiketi mbili tatu zilizofungwa zamani muendeshe tena vipimo vyake, kwa sababu kitu kikirekebishwa leo kinaweza kuvunjwa na rekebisho lingine bila mtu kujua. Ikionekana imerudi, fungueni tena tiketi ileile, msitengeneze mpya, ili historia yake isikatike.

Kwa hizo tiketi zenu tatu za pacha, fanyeni hivi wiki hii bila kusubiri retro. Chagueni ile yenye maelezo mengi zaidi iwe ndo moja inayoishi, ifungueni tena kama ilifungwa, ibadilisheni kichwa na maelezo kwa mfano wa pale juu, na mhamishie humo koment za maana kutoka kwenye zile mbili. Zile mbili zifungwe zikiwa zinaielekeza moja inayobaki, kama kuna iliyokuwa imeshafungwa iachieni koment tu. Iliyo wazi inafungwa hivi, mkiweka namba zenu:

```
gh issue close 52 --reason "not planned" --comment "Inaendelea kwenye #41"
```

Afu mtu wa seva aendeshe ile ripoti ya pacha leoleo, kabla hamjagusa msimbo wowote, na abandike matokeo kwenye hiyo tiketi moja pamoja na jina la mwenye kazi.